Ukihamia, Hama Kabisa

Shemeji yangu amevuta sigara miaka ishirini na mbili. Mwaka jana alinunua sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana huiita vepu, na tangu hapo hutuambia kwa furaha kwamba amepunguza. Zamani alimaliza pakiti nzima kwa siku, sasa ni sigara tano tu, na kiu inayobaki huikata kwa vepu. Nampenda, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi nyote mlio kama yeye.

Tuanze na moto. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu asiache, lakini sehemu kubwa ya madhara ya sigara hutokana na tumbaku inayoungua. Ikiungua hutoa lami, uchafu mweusi unaonata mapafuni ukiwa na sumu za saratani, na hutoa kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Vepu haichomi tumbaku. Betri hupasha moto waya mdogo, na waya huo hugeuza kuwa mvuke kimiminika chenye glisarini, propilini glaikoli, ladha na, mara nyingi, nikotini. Ndiyo maana mvutaji aliyehamia vepu moja kwa moja, akipimwa damu na mkojo, hukutwa na sumu chache sana kuliko zamani.

Huenda umesikia kwamba madhara ya vepu ni pungufu kwa asilimia 95. Namba hiyo ilienezwa mwaka 2015 na idara ya afya ya umma ya Uingereza, na chimbuko lake ni kikao cha wataalamu waliokadiria alama za madhara kwa kila bidhaa ya nikotini. Hawakuwa wamewafuatilia watu waliovuta vepu miaka arobaini, kwani watu hao hawakuwapo: kifaa hiki kilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Kumbuka kwamba watafiti Doll na Hill walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu kule London mwaka 1950, wakati watu walikwisha kuvuta sigara kwa miongo mingi. Kwa hiyo naikubali "pungufu", tena pungufu sana. Hiyo 95 siwezi kumwapia mtu.

Kuna mambo ambayo wakati tu ndio utakaoyajibu. Ladha za embe na mnanaa zilikubaliwa kwa kuliwa, lakini tumbo si pafu, na hakuna ajuaye pafu litakuwaje baada ya kuzivuta kila siku kwa miaka thelathini. Nikotini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa muda. Mwisho wake kwa mtu wa vepu pekee haujulikani. Waya ukipata moto kupita kiasi, au kimiminika kikiisha, hutoka fomaldehaidi, na dalili yake ni ladha kali ya kuungua kooni. Ukiisikia, acha palepale. Na usinunue kimiminika kilichochanganywa mtaani. Mwaka 2019 huko Marekani ulizuka ugonjwa wa mapafu uliowalaza hospitalini zaidi ya watu 2,800 na kuua 68 kufikia Februari 2020. Mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyotiwa katika vimiminika vya bangi, vingi vikiwa vya magendo.

Sasa turudi kwenye zile sigara tano. Shemeji anahesabu kwamba akipunguza robo tatu ya sigara, amepunguza robo tatu ya hatari. Moyo hauhesabu hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba mtu wa sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara ishirini. Mwenye kuchanganya, basi, amebaki na moto na ameongeza mvuke.

Vepu inaweza kusaidia kuacha. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya karibu 10 ya waliopewa plasta, chingamu na dawa nyingine za nikotini. Lakini wanane kati ya kila kumi waliofaulu kwa vepu walikuwa bado wanaivuta. Basi panga siku ya kuacha sigara ya mwisho, kisha panga na siku ya kuiweka chini vepu yenyewe.

Mwanangu ambaye hujawahi kuvuta, mlinganisho huu haukuhusu. Wewe hulinganishi mvuke na moshi, unaulinganisha na hewa safi. Usianze.

Na wewe shemeji, zinazonitia hofu ni hizo tano. Anza nazo.