Kamera ikitoa jasho siku ya harusi

Mama mmoja wa Dar es Salaam ametuandikia kuhusu video ya harusi ya binti yake. Kijana wa familia alipewa kazi ya kurekodi. Bibi harusi alipambwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kisha akatolewa nje kwa vigelegele. Kwenye video, sauti zinasikika vizuri, lakini picha yote imejaa kama moshi. Kijana anafuta kioo, picha inaonekana kwa sekunde chache, halafu moshi unarudi. Mama anauliza: je, kamera ni mbovu, au kijana hakujua kazi?

Kamera si mbovu, na kijana angeweza kufuta kioo mpaka jioni bila kufanikiwa. Chukua chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Baada ya dakika moja inatoa jasho. Maji yale hayakutoka ndani ya chupa. Yametoka hewani: hewa yenye unyevu imegusa kitu cha baridi, na mvuke ukageuka matone. Kamera iliyokaa chumba chenye kiyoyozi ni chupa ile ile ya soda.

Tuweke hesabu kidogo. Chumba cha kupambia kina nyuzi joto 22, na kamera imelala humo saa mbili nzima. Nje, msimu huu wa masika ukanda wa Pwani, hewa ina nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80. Kwa hewa ya namna hiyo, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi joto 26 hivi kitatoa jasho. Kamera ina 22, kwa hiyo lazima itoe. Ndiyo maana kufuta hakusaidii: unaondoa maji, lakini kioo bado ni cha baridi, na hewa inaleta mengine. Dawa ni moja tu, kioo kipate joto la nje.

Kosa kubwa zaidi ni kufungua kamera wakati huo. Wenye kamera za kubadilisha lenzi wakiona ukungu huvua lenzi ili wafute nyuma yake. Hapo hewa yenye unyevu inaingia ndani kabisa, na jasho linakaa mahali ambapo kitambaa hakifiki. Usivue lenzi, usifungue sehemu ya betri wala ya kadi. Subiri.

Namna ya kulikwepa jambo hili ni rahisi, ila inahitaji kukumbukwa mapema. Tuseme bibi harusi atatoka saa nane kamili mchana. Saa saba na nusu, kamera ikiwa bado ndani ya chumba cha baridi, itie kwenye chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kile chenye mfuniko unaobana, kiwe kisafi na kikavu. Kama huna, mfuko mzito wenye zipu unafaa pia. Funga vizuri ukiwa bado ndani, kwa sababu unataka kufungia ile hewa kavu ya kiyoyozi pamoja na kamera. Kisha toa chombo nje, ukiweke kivulini, si juani. Jasho litatokea juu ya chombo badala ya kutokea juu ya kioo. Baada ya nusu saa, fungua na ushike chuma cha lenzi kwa kiganja. Kama bado kina ubaridi, funga tena. Simu hupata joto haraka, huweza kuwa tayari kwa dakika kumi na tano. Kamera kubwa yenye lenzi nzito yaweza kuhitaji dakika arobaini na tano.

Kama nafasi hiyo haipo, basi kamera isikae kabisa kwenye kiyoyozi. Mwachie shangazi au mjomba aliyekaa barazani, kivulini, mpaka utakapoihitaji. Na mkisafiri kwa gari lenye kiyoyozi, begi la kamera lisikae mbele ya tundu la hewa.

Kutoka nje kwenye joto kuingia ukumbini penye baridi hakuna shida hiyo, maana hewa ya kiyoyozi ni kavu. Lakini angalia hili: kama simu ikipoa ukaona ukungu ndani ya kioo cha kamera yake, kitambaa hakiugusi, ujue unyevu umekwisha kuingia ndani. Hiyo si ya kufuta. Ni ya kuizima, kuiacha ikauke penye upepo, na ikirudia, kuipeleka kwa fundi.

Sasa tuendelee na siku yetu. Saa tisa maharusi wapo ufukweni kwa picha, jua ni kali, na simu inaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, kisha inakataa kurekodi. Watengenezaji wengi hutaja kwamba simu imeundwa kufanya kazi kwenye hewa ya nyuzi joto 0 hadi 35. Juani, ikiwa na kava jeusi, huku inarekodi na huku inachajiwa kwa betri ya akiba, inafika mbali zaidi ya hapo. Joto linatoka pande tatu: jua, kazi ya kurekodi, na kuchaji. Huwezi kuzuia la kurekodi, lakini mawili mengine unayaweza. Mpe mtoto mmoja mwavuli amkinge anayerekodi. Vua kava la simu. Chaji mpaka ijae kabla ya kutoka, kisha usiichaji wakati wa kurekodi. Kama mnarekodi kwa 4K, shusheni iwe 1080p. Simu itafanya kazi ndogo zaidi, na kwa kuangalia kwenye runinga ya nyumbani picha bado itapendeza.

Simu ikishazidiwa na joto, wapo wanaoitia kwenye deli la barafu pamoja na soda. Tafadhali, msifanye hivyo. Tumeona kitu cha baridi hufanywa nini na hewa ya Pwani: ukiitoa mle itaanza kutoa jasho, nje na pengine ndani. Izime, iweke kivulini, mpepee kama mnavyompepea mtoto. Dakika kumi zinatosha mara nyingi.

Ufukweni kuna jambo jingine, chumvi. Upepo wa bahari huleta matone madogo sana yanayokauka juu ya kioo na kuacha chumvi. Ukifuta kioo kikavu kwa pindo la kanga, chembe zile zinaweza kukwaruza. Chukua kitambaa laini cha kufutia miwani, kiloweshe kidogo kwa maji safi ya kunywa, futa taratibu, kisha kausha kwa upande mkavu. Fanya hivyo jioni ile ile, usingoje kesho.

Saa kumi mvua inanyesha. Kwa kamera, mfuko wa plastiki uliotobolewa tundu la kutokea lenzi, ukabanwa kwa mpira kuzunguka lenzi, unafanya kazi nzuri. Uache wazi chini, mikono iingie na mvuke utoke. Ukiufunga pande zote jua likarudi, kamera itachemka ndani yake. Kwa simu, mwavuli ni bora kuliko mfuko. Matone juu ya skrini huibonyeza yenyewe, ikaacha kurekodi bila wewe kujua. Kwenye simu nyingi kitufe cha sauti pembeni huanza na kusimamisha kurekodi, basi tumia hicho.

Wengine watasema simu yao haiingii maji, imeandikwa IP67 au IP68. Alama ya IP67 maana yake simu mpya ilipimwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kina cha mita moja, kwa dakika thelathini. IP68 ni zaidi ya hapo, kadiri mtengenezaji alivyotaja. Bahari haimo kwenye kipimo hicho. Na mipira midogo inayozuia maji huchakaa. Simu iliyokwisha kuanguka mara tatu, au kubadilishwa kioo mtaani, isiaminiwe tena.

Simu ikilowa, usiichaji. Ishike tundu la kuchajia likitazama chini, igonge taratibu kwenye kiganja ili maji yatoke, kisha iache mahali pakavu penye upepo. Subiri angalau nusu saa kabla ya kujaribu kuchaji, na ikionya kwamba kuna maji, iache hata siku nzima. Mchele uacheni kwa pilau. Kampuni ya Apple yenyewe imewaonya wateja wake wasiweke simu kwenye mchele, kwa kuwa vumbi na chembe zake huweza kuingia na kuharibu. Pia isikaushwe kwa mashine ya kukaushia nywele.

Harusi imekwisha, na hapa ndipo kamera nyingi za familia hufia: kabatini. Ikirudishwa ina unyevu, ikafungiwa kwenye begi la ngozi kati ya nguo, kuvu huota ndani ya lenzi. Hewa inayozidi unyevu wa asilimia 60 kwa muda mrefu, mahali penye giza, ndiyo inayoipenda. Kuijua ni rahisi. Vua lenzi, washa tochi nyuma yake na uitazame kwa mbele. Vumbi ni vinukta. Kuvu ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui. Ikiwa nyuzi zimeanza, mpelekee fundi mapema, maana zikikaa hula rangi ya kioo na alama yake haitoki tena.

Kinga yake ni kile chombo chetu cha chakula. Acha kwanza kamera ikae nje ya begi usiku mmoja kwenye chumba kikavu. Kisha iweke ndani ya chombo pamoja na vifuko vya silika jeli, vile vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya. Ila viwe vipya kweli: kifuko kilichokaa wazi mwezi mzima kimekwisha kushiba unyevu, hakinyonyi kitu. Ile inayouzwa na rangi ni nzuri zaidi, kwa kuwa hubadilika rangi ikishiba. Iwekwe mbali na watoto wadogo. Na mara moja kwa mwezi itoeni kamera, mpige picha chache za nyumbani, ipate mwanga na hewa.

Kwa mama aliyeuliza: zile dakika za moshi haziwezi kusafishwa zikawa safi kabisa, lakini waulizeni wageni. Wengi waliokuwa wakisubiri nje walishika simu zenye joto la nje, na vioo vyao havikutoa jasho.