Anayetoa Kila Anapoombwa Si Karimu

Hapa Kimamba, mwenye mshahara hupimwa kwa jambo moja: je, huwa anakataa? Akituma pesa kila ndugu anapopiga simu, husifiwa kuwa ana moyo. Akikataa mara moja, ni mchoyo. Kipimo hiki kinaziumiza koo zetu, nami nakipinga.

Chukua mfano wa mpwa anayelima ekari moja ya mahindi. Kila mwezi anamwomba mjomba wake shilingi 20,000, naye anatumiwa bila swali. Lakini masika yanapokaribia hana pesa ya mbegu wala ya vibarua wa palizi, maana 20,000 zilikwisha kwa unga na mafuta. Anakopa kwa mlanguzi na kuahidi kulipa kwa magunia. Mavuno yanapofika, bei iko chini, kwa hiyo deni dogo linameza magunia mengi. Ghala linabaki tupu mapema, simu inalia tena. Kwa mwaka mjomba ametoa 240,000, na aliyenufaika ni mlanguzi.

Mjomba huyo angeuliza swali moja tu: mahindi yako huishaje kabla ya mwaka kwisha? Angelijua deni. Sehemu kubwa ya pesa zilezile angeitoa kwa mkupuo kabla ya mvua, akamlipa mwenye duka la mbegu mwenyewe, akaacha akiba ya palizi. Ghala likidumu, ameutibu ugonjwa. Likijaa na simu zisikome, tundu liko kwingine, labda kwenye pombe au kubeti. Hapo fedha taslimu zisimame, watoto wapelekewe chakula.

Wapo watakaosema dini inaamuru kutoa. Naam, na Kurani katika Sura ya 17 inataja haki ya jamaa na kukataza ubadhirifu papo hapo. Katika mkusanyo wa Abu Daud, Anas anasimulia habari za mtu aliyemwendea Mtume kuomba. Mtume aliuliza ana nini nyumbani, akanadi nguo na bakuli lake kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha familia, nyingine ya shoka. Mpini aliutia kwa mikono yake, akamtuma akakate kuni. Baada ya siku 15 yule mtu alirudi na dirhamu kumi. Njaa ya siku ile haikupuuzwa, wala haikuachwa ijirudie.

Shoka halimfai kila mtu. Bibi asiyeona, mgonjwa na mlemavu wanastahili matunzo ya kudumu, kwa kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana, wasilazimike kuomba. Mwenye kuwanyima kwa kisingizio cha kujitegemea ndiye mchoyo hasa.

Kwa wengine, tenga fungu la ndugu kabla ya kuombwa. Ukianza kukopa ili utume, umevuka mpaka: kesho utakuwa mwombaji mwingine katika ukoo uleule. Fungu likiisha, sema limeisha, bila kumsimanga mtu. Kukataa huko hakukupunguzii ukarimu hata chembe.