Adabu ya Kukataa Kazi: Ujumbe wa Wakala na Jibu la Mhitimu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hata hivyo, wahitimu wengi wa Kiswahili wameielewa methali hii visivyo. Wanapopokea ujumbe wa wakala wa ajira kuhusu kazi isiyowafaa, huogopa kukataa, wakadhani kwamba kukataa na kutukana ni mamoja. Matokeo yake ni kimya, au jibu la "nitaangalia" lisilokuwa na mwisho.

Chukulia mhitimu wa shahada ya Kiswahili anayeishi Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton. Amesomea uhariri na tafsiri, na kwa sasa anafundisha katika shule ya upili kwa mkataba wa bodi ya shule. Wakala wa Nairobi anamwandikia: kampuni fulani ya vitabu inatafuta afisa wa mauzo atakayezunguka shuleni Nakuru, Gilgil, Naivasha na Molo, na malipo yatategemea idadi ya vitabu atakavyouza. Wakala ameona neno "Kiswahili" katika wasifukazi wake, akadhani kuwa ajuaye lugha ya kitabu ajua pia kukiuza.

Yamkini wapo watakaosema kwamba asiye na ajira ya kudumu hana haki ya kuchagua. Hoja hii ina uzito, kwani njaa haina subira. Lakini anayeipokea kazi asiyoimudu, kisha akaiacha baada ya mwezi mmoja, humwaibisha wakala mbele ya mwajiri. Aghalabu wakala hulipwa na mwajiri pindi nafasi inapojazwa. Kwa hiyo "la" ya mapema humfaa kuliko "ndiyo" ya uongo, kwa kuwa humruhusu kumtafuta mwingine bila kupoteza siku.

Je, jibu liandikweje? Kwanza, uamuzi utajwe mapema na bila utata. "Sitaki" ni ukali, na "siwezi" huweza kusikika kama udhaifu. Tena katika matumizi ya pwani, asiyeweza ni mgonjwa. "Sitaiomba nafasi hii" hueleza uamuzi bila kumgusa aliyeandikiwa.

Pili, sababu iwe moja, na iwe ya kweli. Mhitimu akisingizia mshahara, huenda wakala akarejea na mshahara mkubwa zaidi, ilhali kazi ingali ile ile ya mauzo. Hapo atalazimika kukataa mara ya pili, safari hii bila sababu.

Tatu, mlango uachwe wazi kwa kutaja kazi mahususi. Hapa sarufi yenyewe ina neno la kusema. Mhitimu akiandika "ingekuwa kazi ya uhariri ningekubali", kiambishi -nge- hudokeza jambo lisilokuwepo, na sentensi nzima husikika kama lawama. Akiandika "ikipatikana kazi ya uhariri", kiambishi -ki- hulichukulia jambo hilo kuwa linaweza kutokea. Mlango hufungwa au kufunguliwa na silabi hiyo moja.

Jibu lake basi laweza kuwa hivi:

"Bwana, salamu. Nakushukuru kwa kunifikiria kwa nafasi ya afisa wa mauzo. Baada ya kuitafakari, sitaiomba nafasi hii, kwa kuwa nimejiandaa kwa kazi ya uhariri na tafsiri, nami sina ujuzi wa mauzo. Ikipatikana kazi ya kuhariri vitabu vya Kiswahili, iwe Nakuru au Nairobi, nitafurahi kuarifiwa. Mkataba wangu wa sasa utakwisha mwishoni mwa muhula huu. Nakutakia kila la heri katika kumpata anayefaa."

Barua hii haina "samahani" hata moja, maana hakuna kosa lililotendeka. Haina pia ahadi ya kumleta rafiki, kwa kuwa jina la mtu halitolewi kabla hajaridhia. Imemwachia wakala mambo matatu ya kuweka katika kumbukumbu zake: aina ya kazi, mahali na wakati. "Usinisahau" pekee isingemwachia lolote.

Ni kweli kwamba adabu hii ina mpaka. Wakala anayedai ada kabla ya kutaja hata jina la mwajiri hastahili kuachiwa mlango wazi. Yafaa kwanza usajili wake uthibitishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Lakini kwa wakala mwaminifu aliyekosea tu kulinganisha mtu na kazi, jibu la sentensi sita linatosha. Mkunga wa leo hakuhitajika. Wa kesho amekwisha kuelekezwa nyumba ilipo.