Ankara moja, malipo mawili

Mkaguzi akichomoa ankara 50 kati ya 10,000 za kaunti, iliyolipwa mara mbili yaweza kumpita. Kompyuta huzipitia zote. Lakini mjanja haileti vile vile: 0457 huiandika 457/A. Basi mie ningefuta kwanza sifuri za mwanzo, alama na herufi, ndipo nilinganishe nambari, mwuzaji na kiasi.

Kisha tarakimu ya kwanza ya kila kiasi. Kwa kanuni ya Benford, 1 huanza takriban asilimia 30, 9 chini ya asilimia 5. Zikijaa 9, huenda mtu anakwepa kiwango kinacholazimu zabuni. Au ni kodi ya ofisi tu, shilingi 90,000 kila mwezi. Mkataba uitishwe kabla ya mtu kuitwa mwizi.