Usimuulize "Mbona umenibloki?"

Kabla ya kudhani umeblokiwa, huku kwetu Kibiti kuna jambo la kutangulia. Tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp haina maana kwamba umeblokiwa. Rafiki akivuka kutoka Nyamisati kwa boti kwenda Mbwera, simu inaweza kukosa mtandao au chaji, na ujumbe wako ukabaki na tiki moja hadi arudi. Hata picha yake ikitoweka, huenda amebadili tu mipangilio ya nani aione. Na aliyekunyamazisha huwezi kumtambua kabisa: tiki mbili zinakuja kama kawaida.

Nikiona tiki moja, mimi humtumia rafiki meseji ya kawaida, maana kubloki kwa WhatsApp hakuzuii meseji za laini. Nilimwandikia mwenzangu hivi: "Za siku ndugu yangu? Naona za WhatsApp haziingii kwako. Umebadilisha laini, au umepunguza makundi? Ukipata nafasi nijulishe, nyumbani wote wazima." Hapo nimesema ninachokiona, nikampa njia mbili za kujibu bila aibu. Neno "umenibloki" halimo, maana hilo ni shtaka, na anayeshtakiwa hujitetea.

Akajibu jioni: stetasi zangu za biashara ya samaki zilikuwa zinamchosha, akaninyamazisha, na ujumbe haukufika kwa sababu alikuwa deltani bila mtandao. Nikamwambia sawa, nikaacha hapo.

Ombi langu kwenu: msiulizie jambo hili kwenye kundi, na asipojibu msimtume mtu wa tatu.