"Atawajibika" Hapa Maana Yake ni Atalipa

Kwenye masharti ya pesa kwa simu kuna sentensi ya aina hii ambayo wengi huipita: "Mteja atawajibika kwa miamala yote hadi atakapoiarifu kampuni." Kiswahili ni sanifu, lakini naona kinaficha jambo. Ukimwambia mtu awajibike, anaelewa awe makini. Haelewi kwamba hasara ni yake.

Tuseme umeibiwa simu kwa matatu saa nane mchana, na mwizi aliona ukibonyeza nambari ya siri. Saa tisa anatuma shilingi 6,000. Saa kumi unapigia huduma kwa wateja wafunge laini. Saa kumi na moja, laini bado haijafungwa, zinatoka 3,000 nyingine. Kwa sharti kama hilo, zile 6,000 ni hasara yako hata kama si wewe uliyezituma. (Pamoja na ada yake, jedwali la ada halijui mwizi ni nani.) Zile 3,000 zimetoka kampuni ikiwa imeshaambiwa, kwa hivyo uko na msingi wa kuzidai. Kinachohesabika ni saa uliyoripoti, kwa hivyo iandike, pamoja na nambari ya ripoti ukipewa.

Mimi ningetafsiri hivi: "Pesa zikitolewa kwa nambari yako ya siri kabla hujaripoti, hasara ni yako. Zikitoka baada ya kuripoti, hasara si yako." Wakili anaweza kuongeza habari ya uzembe au ulaghai hapo chini, bora asiturudishie "atawajibika".