Keki nyeusi chini, nyeupe juu

Wamama, juma hili mama mmoja wa hapa Panda alituonyesha keki yake: chini imeungua, juu ingali nyeupe. Furu yake ya umeme iko na vyuma viwili vya moto, kimoja juu, kimoja chini, na kila kimoja kinachoma zaidi kitu kilicho karibu nacho. Yeye aliweka keki kwenye ngazi ya chini kabisa.

Pandisheni waya mpaka keki yenyewe, si sahani tu, ifike katikati ya furu. Kitufe kiwe kwenye alama ya mistari miwili, juu na chini. Kama juu bado inabaki nyeupe, pangeni vipande vya mkate kwenye waya, digrii 180, dakika kumi. Vikibadilika rangi upande wa chini tu, huenda chuma cha juu kimekufa.

Furu yenye vantilateri inazungusha hewa ya moto, kwa hiyo sahani mbili zinaweza kuiva pamoja. Punguzeni digrii 20, na katikati ya muda mugeuze sahani, maana upande wa nyuma mara nyingi unatangulia kuiva.